Visivyo na Seli: Kwa Nini Sabuni Huiweza Ebola na Haiwezi Prioni



Tarehe 20 Septemba 2022 ilitangazwa kuwa Ebola aina ya Sudan imeingia Mubende, na baadaye ikafika hapa Kampala. Kila mlango tuliopita ulikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Wakati huo huo tuliambiwa kuwa maiti wa Ebola asioshwe na jamaa zake. Siku moja baada ya darsa, ndugu mmoja aliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasoma sayansi ya tiba: "Kama sabuni inaua Ebola, kumwosha maiti kwa sabuni kuna tatizo gani?"

Nilijibu haraka: "Virusi ni vigumu kufa." Jibu hilo lilikuwa na makosa, na sikuyajua mpaka tulipofika kwenye somo la viambukizi visivyo na seli. Leo nataka nilijibu upya. Ili nilijibu vizuri, nitaviweka pamoja virusi, viroidi na prioni, na kwa kila kimoja tutauliza maswali mawili: ni sehemu gani inayobeba ugonjwa, na sehemu hiyo imefunikwa na nini?

Tuanze na virusi vya Ebola. Chembe yake ni kama uzi mrefu uliopinda, wenye unene wa takriban nanomita 80. Ndani kabisa kuna RNA moja yenye nyukleotidi kama 19,000, na hiyo ndiyo inayobeba maagizo ya kutengeneza virusi vingine. RNA hiyo imevikwa protini kwa urefu wake wote. Nje ya protini kuna utando wa mafuta ambao virusi huuchukua kwenye seli ya mgonjwa vinapotoka, na juu ya utando zimechomoza protini zinazoshika seli mpya. Bila utando huo virusi haviwezi kuingia kwenye seli. Sabuni huvunja mafuta, kwa hiyo huuvunja utando, na virusi vinabaki vipande visivyoambukiza. Basi Ebola si ngumu mbele ya sabuni. Ni katika virusi vilivyo dhaifu kwake. Virusi visivyo na utando wa mafuta, kama vya polio, huvumilia zaidi.

Viroidi ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1971 Theodor Diener, aliyekuwa akifanya kazi Beltsville, Marekani, alikuwa akichunguza ugonjwa unaofanya viazi mviringo viwe virefu na vyembamba kama pia. Wengi walidhani ni virusi. Yeye alikuta RNA tupu, isiyo na koti la protini wala utando. Baadaye ilihesabiwa kuwa ina nyukleotidi 359 tu, zilizofungana kama pete. Pete hiyo haikai wazi. Sehemu zake zinazolingana hushikana, ikawa kama kijiti kigumu, na umbo hilo huisaidia kudumu bila koti. Haina agizo la kutengeneza hata protini moja. Ikiingia kwenye kiini cha seli ya mmea, hutumia kimeng'enya cha mmea wenyewe kujinakili. Viroidi zinazojulikana huugua mimea, na kisu kinachokata kiazi kimoja baada ya kingine bila kusafishwa kinatosha kuzipeleka.

Prioni inageuza hesabu yote. Haina RNA wala DNA. Ni protini peke yake. Na protini yenyewe si ngeni: sote tunayo, hasa kwenye seli za ubongo. Tofauti ni mkunjo. Fikiria kanzu mbili za kitambaa kimoja na mshono mmoja, moja imekunjwa vizuri na nyingine vibaya. Protini ya kawaida ina sehemu nyingi zilizojisokota kama springi. Ile ya prioni imekunjwa kuwa tabaka bapa zinazolaliana na kushikana sana. Ikikutana na protini ya kawaida huifanya ijikunje kama yenyewe, nayo ikaenda kuikunja nyingine, mpaka ubongo ukajaa matundu kama sifongo. Stanley Prusiner aliipa jina la prioni mwaka 1982, wengi wakampinga, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tufanye jaribio lililonifungua macho. Chukua mirija mitatu: mmoja una virusi vya Ebola, mmoja viroidi, mmoja prioni. Tia katika kila mmoja kimeng'enya kinachokata RNA. Mrija wa viroidi utapoteza nguvu ya kuambukiza, kwa kuwa RNA yake iko uchi. Wa Ebola hautabadilika sana, maana kimeng'enya hakipiti utando na protini. Wa prioni hautabadilika kabisa, kwa kuwa hakuna cha kukatwa. Kwenye mirija mipya tia kimeng'enya kinachokata protini. Viroidi haitajali. Ebola itapoteza zile protini za nje inazoshikia seli. Prioni itakatwa pembeni tu, na kiini chake kilichokunjwa kwa kubana kitabaki kwa muda mrefu, ingawa protini ya kawaida ingekuwa imesagwa yote. Hiyo ni alama mojawapo ambayo maabara hutumia kuitambua. Mwisho tia sabuni kwenye mirija mitatu mipya: Ebola tu ndiyo itakayoharibika.

Tofauti hizi zinaamua pia jinsi ya kupima. Sampuli ya Mubende ilithibitishwa katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, Entebbe, kwa PCR, kipimo kinachotafuta RNA ya virusi. Viroidi nayo hupatikana kwa PCR, lakini kipimo kinachotafuta protini ya kiambukizi hakitaiona, kwa sababu haina protini. Prioni ni kinyume: PCR haiwezi kuikamata, na hata kinga ya mwili haiioni kuwa ni mgeni, kwa hiyo mgonjwa hana kingamwili za kupima wala homa ya kumtahadharisha.

Na zinaamua usafishaji. Vifaa vya upasuaji kwa kawaida huchemshwa kwa mvuke wenye shinikizo kwenye nyuzi 121 kwa dakika 15. Kwa prioni hiyo haitoshi. Hupandishwa hadi nyuzi 134 kwa dakika 18, au hulowekwa saa nzima kwenye magadi makali ya sodiamu haidroksaidi. Formalini, inayohifadhi vipande vya ubongo maabara, huishikilia prioni badala ya kuiharibu.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu. Sabuni huvunja virusi vya Ebola inavyovigusa, na mkononi hugusa karibu vyote. Lakini mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi kwa wingi mno katika damu na majimaji yake, na huendelea kuambukiza siku kadhaa baada ya kifo. Sabuni ya juu ya ngozi haifiki huko. Kumgeuza, kumkamua tumbo na kummwagia maji hutoa majimaji hayo na kuyarusha kwenye macho na midomo ya waoshaji kabla sabuni haijayafikia. Kwa hiyo mwongozo wa mazishi salama wa Shirika la Afya Duniani umeweka nafasi ya tayamamu kwa maiti Mwislamu, inayofanywa na timu iliyovaa mavazi ya kinga.

Nilimwendea na jibu hili miezi mitatu baadaye. Aliniambia kuwa lile la kwanza alikuwa ameshawapa wengine wawili. Tukawatafuta pamoja.