Sinki la choo linaloziba kila mara

Choo cha kuchuchumaa kikiziba mara moja kwa mwaka, huenda kimeangukiwa na kitu. Kikiziba kila baada ya wiki mbili, tatizo mara nyingi ni namna watu wanavyomwaga maji. Chukua nyumba ya kupanga ya vyumba sita kule Tandika, yenye choo kimoja uani. Hakuna tangi la kuflashi, kuna ndoo na kopo la nusu lita. Mtu akimaliza haja humwaga kopo moja, akaona uchafu bado upo, akaongeza la pili, kisha la tatu. Maji yanaisha ndoo nzima na choo kinaendelea kuziba, wapangaji wanaanza kutuhumiana.

Sababu iko kwenye shingo ya sinki, ile sehemu iliyopinda chini ya tundu, ambayo mafundi wengi huiita trapu. Humo hubaki maji muda wote, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende wa shimoni wasipande juu. Ili uchafu upite lazima ushuke kwenye pindo, upande upande wa pili, ndipo uangukie kwenye bomba. Kinachoupandisha ni maji mengi yaliyoingia kwa pamoja na kwa kasi. Kopo likimiminwa taratibu, maji hupita juu ya uchafu na kutoka, uchafu wenyewe ukabaki chini. Siku ya pili umeongezeka, siku ya tatu karatasi imenasa juu yake. Lita tatu zinazomwagwa kwa mkupuo mmoja husafisha shingo. Lita hizohizo zikigawanywa kwenye makopo sita haziifikishi kazi mwisho.

Kabla ya kuzibua, jua kwanza kizibo kiko wapi. Fungua mfuniko wa chemba iliyo karibu na choo, ukikaa upande unakotoka upepo, wala usiinamishe uso juu yake kwa sababu gesi ya majitaka ni hatari. Usiwashe moto wala sigara hapo, na watoto wakae mbali. Kama sinki limejaa na chemba ni kavu, kizibo kiko kwenye shingo au kwenye bomba kati yake na chemba. Kama chemba nayo imejaa, usihangaike na sinki: kizibo kiko mbele zaidi, au shimo limejaa. Msimu wa masika, maeneo ambayo maji ya ardhini yako karibu, shimo hujaa hata kama lilinyonywa si muda mrefu. Kuna dalili nyingine pia. Ukimwaga maji chooni yakatokea bafuni, kizibo kiko kwenye bomba linalotumiwa na sehemu zote mbili.

Tuseme chemba ni kavu. Vaa glavu ndefu za mpira na viatu vya kufunika miguu. Chota maji kwenye sinki uyatie kwenye ndoo ya zamani, ubakize kiasi cha kufunika kichwa cha mpira wa kuzibulia, ule wenye mpini wa mti. Ukandamize mpira huo juu ya tundu hadi ushike pande zote. Sukuma mara ya kwanza polepole ili hewa itoke, kisha sukuma na kuvuta kwa nguvu mara kumi na tano hivi. Weka nguvu zaidi kwenye kuvuta, kwa sababu kuvuta ndiko kunakolegeza kizibo na kukirudisha mahali unapoweza kukifikia. Maji yakishuka ghafla kwa sauti ya kumeza, kizibo kimeachia.

Yasiposhuka, kuna kitu kigumu au kitambaa. Chukua waya mnene unaopindika, ukunje ncha yake iwe ndoano butu, uingize kufuata mpindo wa shingo. Zungusha, kisha vuta. Wengi hukosea hapa: husukuma kwa nondo. Nondo inaweza kupasua shingo, na ufa huo hauonekani hadi maji yatakapoanza kuzama chini ya sakafu na harufu kubaki. Hata usipopasua, kitambaa ulichokisukuma huenda kunasa kwenye bomba chini ya saruji, ambako mkono hauwezi kufika. Kwenye nyumba kama ile ya Tandika, kinachotoka na ndoano mara nyingi ni taulo ya kike, kipande cha pampasi au nywele za kusuka zilizoshikana na sabuni. Chini yake hukutwa mchanga, kwa kuwa choo husuguliwa kwa mchanga na hakuna anayeuzoa kabla ya kumwaga maji.

Dawa kali za kuzibulia zisiwe mbinu ya kwanza. Haziyeyushi plastiki wala mchanga, na magadi ya kostiki huchemka yanapokutana na maji, kwa hiyo ukisukuma mpira baadaye yatakurukia usoni. Usichanganye kamwe dawa ya kung'arishia nguo na dawa ya asidi ya kusafishia sinki, maana gesi ya klorini inayotoka humo inaweza kukuua ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha.

Choo kikishafunguka, badilisha chombo. Toa kopo, weka ndoo ndogo ya lita tano yenye mpini, uichore alama ya lita tatu kwa rangi. Kabla ya kujisaidia, lowesha sinki kwa maji kidogo ili uchafu usigande kwenye kuta. Ukimaliza, jaza hadi alama na umwage zote mara moja, ukielekeza maji kwenye tundu kutoka usawa wa goti. Ukimwaga kutoka juu sana yatakurukia miguuni, na ukimiminia pembeni yatapoteza kasi.

Masinki yaliyotengenezwa kwa kumwagiwa maji kwa mkono huwa na kina cha maji cha kama sentimita 2 shingoni, na kwa hayo lita mbili au tatu hutosha. Mengi ya dukani yametengenezwa kwa tangi la kuflashi, na kina chake ni kama sentimita 5. Hayo yanaweza kutaka ndoo nzima ya lita tano. Kujua la kwako ni rahisi: tupa kipande cha karatasi ya chooni, mwaga mkupuo mmoja, na mwenzako aangalie chemba. Karatasi ikitokea, kiasi hicho kinatosha. Isipotokea, ongeza lita moja hadi itokee, kisha uhamishe alama kwenye ndoo. Bomba likiwa refu, mwaga ndoo nzima ya lita kumi kila jioni ili kusukuma kilichobaki njiani.

Pedi na pampasi ziwekewe ndoo yenye mfuniko ndani ya choo. Ikiwekwa nje, hakuna atakayetoka nazo mkononi mbele ya majirani.

Kama mambo haya yote yanafuatwa na maji bado yanasuasua tangu choo kilipojengwa, muulize fundi maswali mawili. Je, sinki lililokuja na shingo yake liliwekewa shingo nyingine chini? Hewa hunaswa kati ya shingo hizo mbili, na choo cha hivyo kitaziba daima hadi moja iondolewe. Je, bomba linashuka angalau sentimita 2 na nusu kwa kila mita? Yote mawili yanahitaji kuvunja sakafu, na gharama hiyo ni ya mwenye nyumba.