Goti Linalouma na Picha Yake: Mafunzo Niliyopata Kwenye Mazoezi Tiba

Wagonjwa wengi huletwa kwangu wakiwa na bahasha ya eksirei mkononi na neno moja mdomoni: goti limesagika. Mafunzo haya nimeyapata kwa wengi, lakini nitayaeleza kwa kumfuata mmoja, mama wa miaka 63 anayekaanga mihogo na samaki Tanga. Alikuwa na kilo 88 kwa kimo cha sentimita 158, na anatumia dawa za shinikizo la damu. Goti la kulia lilikuwa likimuuma, hasa anapoinuka kwenye kigoda na anaposhuka ngazi. “Mwanangu, ute umeisha,” aliniambia. “Wewe niambie tu nakatwa lini.”

1. Kinachouma sicho kilicholika

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza. Katika osteoathritisi gegedu hilo huchanika na kupungua taratibu, lakini lenyewe halina neva wala mishipa ya damu, kwa hiyo haliwezi kuuma. Maumivu hutoka kwa majirani zake: mfupa ulio chini yake unaobeba mzigo kupita kiasi, utando wa ndani wa kiungo unaovimba, kifuko cha goti kinachovutwa, na misuli iliyochoka. Wala ute haukuwa umeisha. Goti la mama huyu lilikuwa limejaa maji kidogo, kwa sababu utando uliovimba hutengeneza ute mwingi kuliko kawaida, tena mwepesi.

Jambo hili lina faida kwa mgonjwa. Gegedu lililolika hatuna dawa ya kulirudisha, lakini uvimbe, udhaifu wa misuli na mzigo wa mwili vyote vinaweza kupunguzwa.

2. Picha ipigwe mgonjwa akiwa amesimama, na isomwe pamoja na mgonjwa

Gegedu halionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni uwazi kati ya mifupa miwili, na uwazi huo ndio tunaoutumia kukisia unene wa gegedu. Mgonjwa akilazwa kitandani, uzito hauligandamizi goti, na uwazi unaweza kuonekana mpana kuliko ulivyo. Picha yake ya kwanza ilipigwa amelala, tukaomba nyingine akiwa amesimama, magoti yote mawili kwa pamoja.

Madaraja tunayotumia yalitolewa na Kellgren na Lawrence mwaka 1957. Sifuri ni goti lisilo na dalili. Daraja la 1 ni la mashaka. Daraja la 2 lina vichomozo dhahiri vya mfupa pembezoni mwa kiungo, na uwazi huenda umeanza kupungua. Katika daraja la 3 uwazi umepungua bila ubishi, na mfupa umeanza kuwa mgumu na mweupe pichani. Katika la 4 uwazi umekaribia kwisha na umbo la mifupa limeharibika.

Goti la kulia, lile lililokuwa likimuuma, lilikuwa daraja la 2. La kushoto, ambalo hakuwahi kulilalamikia, lilikuwa la 3. Tofauti ya namna hii hutokea mara nyingi. Nilipompima nikaona sababu: la kulia ndilo lililovimba, na msuli wa mbele wa paja hilo ulikuwa umesinyaa kwa kuwa alikuwa akiuegemeza mwili upande wa pili. Picha ilitueleza hali ya mifupa. Ya maumivu tuliipata kwa kumgusa, kumtembeza na kumuuliza.

3. Mazoezi na uzito ndiyo tiba ya kwanza

Tulianza na kuinuka kitini bila kushika, kupanda kidaraja kifupi, na kunyoosha goti akiwa amekaa. Alifanya hivyo mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, kwa sababu misuli haijengeki kwa siku chache. Hofu yake ilikuwa kwamba mazoezi yatalisaga goti zaidi. Nikampa kipimo: maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi si neno, mradi yarudi yalivyokuwa ndani ya saa 24. Yasiporudi, tunapunguza marudio, hatuachi.

Uzito nao una hesabu yake. Utafiti wa watu wenye ugonjwa huu ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua hupunguza takriban kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Tukalenga asilimia 10 ya uzito wake, karibu kilo tisa, yaani kilo 36 kwa kila hatua. Kigoda tukakibadilisha na kiti kirefu, na fimbo akaishika mkono wa kushoto, kinyume na goti linalouma. Wengi huishika upande uleule wa maumivu, ikawasaidia kidogo tu.

4. Dawa zina mpangilio

Daktari alianza na jeli ya diklofenaki ya kupaka, kwa sababu kiasi kidogo tu cha dawa hiyo huingia kwenye damu. Vidonge vya aina hiyo hupunguza maumivu, lakini vinaweza kupandisha shinikizo la damu, kuumiza figo na kutoboa tumbo. Kwa mama mwenye presha, tena anayetumia dawa za kuongeza mkojo, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Vinapohitajika hutolewa kwa dozi ndogo na siku chache, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Yeye alikuwa akivinunua dukani kila wiki, na presha yake ilikuwa haishuki. Alipoviacha, ikashuka.

Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza uvimbe kwa wiki kadhaa. Alichomwa moja, na nafuu hiyo tukaitumia kuongeza mazoezi. Kuirudia kila mara hakufai: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia watu waliochomwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili. Gegedu lao lilipungua zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana.

5. Goti bandia lina wakati wake

Upasuaji wa kubadilisha goti ni tiba nzuri kwa anayestahili: maumivu yanamnyima usingizi, hatembei hadi dukani, hatua zote za awali amezipitia kwa dhati, na picha inaonyesha kiungo kimekwisha. Anayepasuliwa akiwa na daraja dogo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutoridhika, kwani huenda chanzo cha maumivu yake kilikuwa kwingine. Anayechelewa mno naye hufika goti limepinda na misuli imekwisha, na kupona kwake huwa kugumu. Na goti likiwa jekundu, la moto, mgonjwa ana homa, asisubiri hatua yoyote: aende hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni maambukizi.

Mwanzoni mama aliinuka kitini mara saba kwa nusu dakika. Baada ya wiki 12 aliinuka mara 11, na uzito ulikuwa kilo 82, bado hajafika tulipolenga. Ngazi anashuka akishika ukuta, na usiku analala. Aliomba eksirei nyingine aone kama uwazi umeongezeka. Daktari hakuiandika: uwazi huo hauongezeki, na hakukuwa na uamuzi wowote uliokuwa ukiisubiri picha hiyo.