USOMAJI WA MWISHO KABLA YA WARAKA KUTOKA OFISINI
Somo kwa makatibu muhtasi wapya wa ofisi za sheria

Makatibu muhtasi wapya wa ofisi za sheria wanaelezwa hapa utaratibu wa kuusoma waraka kwa mara ya mwisho, baada ya mwanasheria kuukubali na kabla ya kutiwa saini. Mfano uliochaguliwa ni mkataba wa upangishaji wa nyumba, ambao huandaliwa mara kwa mara katika ofisi hizo.

1. Kusoma kwa sauti
Usomaji hufanywa na watu wawili. Mmoja hushika rasimu yenye masahihisho ya mwanasheria na kuisoma kwa sauti, akitaja nukta na mikato, na kusoma tarakimu moja moja. Mwengine huifuata nakala safi, rula ikiwa chini ya kila mstari. Aliyechapa waraka asishike nakala safi, kwa sababu jicho lake huona alichokusudia kuandika badala ya kilichoandikwa.

2. Herufi zinazogeuza maana
Kompyuta huonesha neno lisilojulikana. Haioneshi neno sahihi lililowekwa pasipo mahali pake. Sharti lisemalo "Mpangaji hataruhusiwa kumpangisha mtu mwengine" likipotea herufi "h" ya "hataruhusiwa", katazo hugeuka kuwa ruhusa. Vivyo hivyo, "mpangaji" na "mpangishaji" hutofautiana kwa silabi moja tu, lakini sharti la kutengeneza paa likiandikwa jina lisilostahiki, gharama humhamia asiyekubali kuibeba. Kwa hiyo, baada ya kusoma kwa sauti, katibu hupitia kila sharti peke yake na kujiuliza mambo mawili: ni nani anayefungwa nalo, na je, anaamriwa au anakatazwa?

3. Mabadiliko ya siku ya mwisho
Makosa mengi mazito huingia pale jambo moja linapobadilishwa, na mengine yanayolitegemea yakaachwa kama yalivyokuwa. Tuchukue mkataba wa miaka mitatu kuanzia tarehe 1 Machi 2024, wenye kodi ya shilingi 400,000 kwa mwezi na malipo ya awali ya miezi sita. Siku ya kutia saini, pande mbili zilikubaliana kodi iwe shilingi 450,000, na kifungu kipya cha matengenezo kiongezwe baada ya kifungu cha 5. Mwanasheria aliandika tarakimu mpya katika kifungu cha 3, na katibu akaichapa kama alivyoelekezwa.

Nakala safi ililingana na rasimu neno kwa neno, na hata hivyo ilikuwa na makosa matatu. Kwanza, kando ya tarakimu 450,000 yalibaki maneno "shilingi laki nne". Maneno na tarakimu yanapopingana, kwa kawaida maneno ndiyo hufuatwa. Mpangishaji angeweza kupoteza shilingi 50,000 kila mwezi. Pili, kifungu cha 4 kiliendelea kutaja malipo ya awali ya shilingi 2,400,000, ilhali miezi sita kwa kodi mpya ni shilingi 2,700,000. Tatu, kifungu cha kuvunja mkataba kilielekeza kwenye notisi ya "kifungu cha 7", ambayo sasa imesogea kuwa kifungu cha 8.

Kulinganisha peke yake kusingeyafichua makosa hayo. Yalihitaji kila hesabu ifanywe upya kwa kalamu, kila kifungu kilichotajwa kifunguliwe na kusomwa, na kila tarehe ihesabiwe. Mkataba huo, kwa mfano, humalizika tarehe 28 Februari 2027, wala si 1 Machi. Katibu anapoona hitilafu ya namna hii haisahihishi kwa uamuzi wake. Huitia alama ya penseli na kuirejesha kwa mwanasheria, kwa kuwa huenda ndivyo pande mbili zilivyokubaliana.

4. Majina, kurasa na nakala
Majina yote matatu ya kila upande hulinganishwa na kitambulisho, herufi kwa herufi. Khamis haandikwi Hamisi. Baada ya masahihisho, waraka wote huchapishwa upya, wala si ukurasa uliobadilika peke yake, kwani mistari husogea na sentensi huweza kukatika au kujirudia baina ya kurasa mbili. Ukurasa wa saini usibaki na saini tupu. Uwe na sehemu ya masharti, ili usiweze kubandikwa kwenye waraka mwengine. Mwisho, kurasa za kila nakala huhesabiwa, viambatisho vikahakikiwa kwa herufi zake, na wasomaji wote wawili wakatia vifupisho vya majina yao katika nakala ya jalada.

Likitokea badiliko lolote baada ya hapo, hata la neno moja, vifupisho hivyo hufutwa na usomaji huanza upya kwa kila kifungu kinachoguswa na badiliko hilo.