Vidudu vya rangi katika video, na kile kinachoonekana kweli maabara

Bila shaka umepata kuziona, kwenye simu au televisheni, zile picha za kisayansi za ndani ya damu. Chembe nyekundu zinapita taratibu, kamera inasogea polepole bila kutikisika, kisha kimelea cha malaria chenye rangi ya kijani kinaingia ndani ya chembe moja, kinagawanyika, na chembe inapasuka. Watoto huelewa upesi kwa picha hizi. Tatizo ni wazazi wanaodhani kuwa mpimaji wa zahanati naye huona sinema hiyo hiyo, na akisema hakuona kitu, basi hakuna ugonjwa.

Tuanze na rangi. Kijani kile kimechaguliwa na mchoraji ili jicho lisipotee. Katika slaidi, damu hupakwa kwenye kioo, hukaushwa, kisha hutiwa rangi iitwayo Giemsa. Kimelea huonekana kama kipete kidogo cha bluu chenye kidoa chekundu. Bila rangi hiyo ni vigumu mno kukitambua. Na hakitembei: kimekwisha kufa pale kwenye kioo.

Kisha muda. Kimelea cha malaria ile kali, ambayo ndiyo imeenea zaidi kwetu Tanzania, huchukua takriban saa 48 tangu kuingia kwenye chembe hadi kuipasua. Ikiwa video inaonesha kazi hiyo kwa dakika moja, kila sekunde unayotazama ni dakika 48 za kweli. Sasa zingatia jambo ambalo video nyingi haziligusi. Kimelea kinapofikia kugawanyika, chembe iliyokibeba hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya viungo vya ndani, haizunguki tena. Kwa hiyo tone la damu ya kidoleni huonesha zaidi vile vipete vichanga. Hatua ya kugawanyika, ambayo ndiyo uhondo wa video, mpimaji huiona kwa nadra sana. Mgonjwa aliyepimwa saa ambayo vipete ni vichache anaweza kuambiwa hana malaria ilhali anayo. Homa ikiendelea, rudi upimwe tena.

La tatu ni ukubwa, na hapa sisi wa Lulindi, Masasi na Newala tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 1952 ulizuka huku ugonjwa wa homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo. Watu walikunjika, na kwa Kimakonde ukaitwa chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Fikiria mtu asiyeweza kurukuu wala kuinuka kutoka kwenye sijida. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake katika makala iliyochapishwa mwaka 1955, na kirusi chenyewe kikatambuliwa kwa damu ya mgonjwa kutoka huku.

Kirusi hicho ni kidogo kiasi cha mara mia moja kuliko upana wa chembe nyekundu ya damu. Hadubini ya zahanati, hata kwa lenzi yake kubwa ya mafuta, haiwezi kukionesha kabisa, kwa kuwa mwanga wenyewe hauwezi kutenganisha vitu vidogo kiasi hicho. Kinahitaji hadubini ya elektroni, ambayo picha zake hutoka za kijivu. Zile rangi nyekundu na zambarau huongezwa baadaye. Tena kirusi hakigawanyiki kama seli. Huingia ndani ya seli na kuifanya itengeneze nakala zake. Video inayokichora kikubwa sawa na kimelea cha malaria, kisha ikakigawa vipande viwili, imekosea mara mbili.

Kwa mgonjwa maana yake ni hii: homa yenye maumivu makali ya vifundo, na slaidi haina malaria, si dalili kwamba mtu anajisingizia. Dawa ya malaria haitamfaa kwa chikungunya. Apewe paracetamol, anywe maji kwa wingi, na asipewe aspirini, maana homa ya dengi hufanana nayo na aspirini huweza kuzidisha kutokwa damu.

Mbu anayeieneza ni Aedes, mwenye madoa meupe, naye huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Uwanda wetu wa juu una shida ya maji, na kila nyumba huweka akiba kwenye mitungi na mapipa. Mbu huyu hutaga mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji tu hakuyaondoi. Kila wiki sugua ukuta wa ndani kwa brashi, suuza, ndipo ujaze tena na kufunika, pamoja na lile pipa la maji ya udhu.