Je, Alama 16 za Mwanamke ni Sawa na 16 za Mwanamume? Kupima Ulinganifu wa Hojaji ya Sonona

Hojaji ya CES-D, iliyochapishwa na Lenore Radloff mwaka 1977, ina kauli 20 kuhusu dalili za sonona katika wiki moja iliyopita. Kila kauli hupewa alama 0 hadi 3 kulingana na idadi ya siku ambazo dalili ilijitokeza, na jumla huwa kati ya 0 na 60. Kwa kawaida, anayefikisha 16 huhitaji kuchunguzwa zaidi. Alama hiyo peke yake si utambuzi wa ugonjwa.

Utaratibu huo hujengwa juu ya dhana moja: kwamba watu wawili wenye sonona ya kiwango kilekile watapata, kwa wastani, alama zilezile, wawe wanawake au wanaume, na wajibu kwa lugha yoyote. Sifa hiyo huitwa ulinganifu wa kipimo. Haifai kuichukulia kuwa ipo. Hupimwa kwa takwimu, kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza huuliza iwapo kauli hujikusanya katika mafungu yaleyale ya dalili kwa makundi yote. Ya pili huuliza iwapo kila kauli ina uzito uleule, yaani iwapo sonona ikiongezeka, alama ya kauli hiyo hupanda kwa kasi ileile. Ya tatu huhusu kianzio: je, watu wa makundi mawili wenye sonona sawa huanzia alama ileile katika kauli husika? Bila hatua ya tatu kutimia, wastani wa makundi haulinganishiki.

Lugha mara nyingi huvuruga hatua ya pili. Kauli ya 3 ya CES-D, kwa Kiingereza, hutaja majonzi kwa neno ambalo asili yake ni jina la rangi ya buluu. Mfasiri akishikilia rangi, msomaji wa Kiswahili hatapata maana ya huzuni, na majibu yake hayatapanda kadiri sonona inavyopanda. Uzito wa kauli utashuka katika kundi la Kiswahili pekee. Tiba yake ni kuitafsiri upya na kuijaribu kwa wasemaji wenyewe, wakiulizwa wameelewa nini.

Jinsia huonekana zaidi katika hatua ya tatu. Mfano unaojulikana sana ni kauli ya 17, inayohusu kulia. Jamii nyingi humfunza mvulana kuzuia machozi, hivyo mwanamke huelekea kupata alama kubwa zaidi hapo kuliko mwanamume mwenye sonona sawa na yake.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wanawake 300 na wanaume 300. Kielezo kiitwacho CFI huonyesha jinsi modeli inavyooana na takwimu. Kikikaribia 1, uoanifu ni mzuri. Hatua ya kwanza inatoa 0.962 na ya pili 0.959. Ya tatu inashuka hadi 0.941. Kwa kanuni iliyopendekezwa na Cheung na Rensvold mwaka 2002, kushuka kwa zaidi ya 0.01 ni ishara ya kasoro, na hapa kumekuwa 0.018. Mtafiti hukagua kauli mojamoja na kuona kwamba kianzio cha kulia kwa wanawake kiko juu kwa alama 0.6. Akikiacha kitofautiane huku vingine vikibaki sawa, CFI inarudi 0.955. Ulinganifu sasa ni wa sehemu, na wastani wa sonona unaweza kulinganishwa kwa modeli hiyo.

Iwapo wanawake walizidi kwa alama 1.5 katika jumla ya kawaida, 0.6 kati ya hizo zilitokana na kauli moja, 0.9 zilizobaki hazielezwi na kulia. Kwa watu walio karibu na mpaka, sehemu hiyo ndogo hutosha kumvusha mmoja kwenye 16 na kumwacha mwingine nje ilhali hali zao ni sawa. Ndiyo maana kwa mwanamume mwenye 14 au 15, mhudumu hana budi kusoma majibu ya kauli za usingizi, hamu ya kula na huzuni badala ya kutazama jumla tu.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kundi moja likipunguza majibu ya kauli zote kwa kiasi kilekile, labda kwa aibu, takwimu zitasoma kwamba kundi hilo lina sonona ndogo. Hakuna kauli iliyotofautiana na nyingine, hivyo hakuna kitakachong'amuliwa. Upendeleo wa namna hiyo hugunduliwa nje ya hojaji: kwa mahojiano ya kitabibu ya wahojiwa wa makundi yote mawili, wakiwemo waliopata alama za chini.