Haki ya Mhitaji wa Mbali: Sharia Inatudai Kiasi Gani?

Katika darsa hili tunaangalia swali ambalo wengi wetu hulikwepa kwa sababu jibu lake linagusa mfuko. Yupo mtu mwenye njaa ambaye si ndugu yangu, si jirani yangu, na huenda nisimwone maisha yangu yote. Je, ana haki juu yangu? Na kama anayo, haki hiyo inaishia wapi?

Mfano hatuuendi kuutafuta mbali. Kambi ya Mahama, wilayani Kirehe, ilifunguliwa mwaka 2015 kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi, na baadaye ikapokea pia Wakongomani. Mwezi Machi 2021 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilitangaza kupunguza mgao wa wakimbizi nchini Rwanda kwa asilimia 60 kwa kukosa fedha. Mtu wa Nyamirambo anafika Mahama kwa basi siku hiyo hiyo, lakini hana anayemjua huko. Ndiye "mgeni wa mbali" wa darsa letu.

Je, umbali unaondoa wajibu?

Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer aliandika makala kuhusu wakimbizi wa Bengali ya Mashariki. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Ukipita kando ya kidimbwi ukaona mtoto anazama, utaingia kumtoa hata kama nguo zako zitachafuka. Kama ni hivyo, kwa nini mtoto anayekufa njaa nchi nyingine akuhusu kidogo zaidi? Kwake yeye, umbali haubadilishi kitu. Unatakiwa kutoa mpaka ufikie mahali ambapo ukizidisha utapoteza jambo lenye uzito sawa na lile unalolizuia.

Nusu ya kwanza ya hoja hii Waislamu tunaijua. Katika Sahih Muslim, Jarir bin Abdillah anasimulia kwamba walikuja Madina watu wa kabila la Mudar, miguu mitupu, wamejifunika mavazi ya sufu yaliyochanika. Uso wa Mtume (s.a.w.) ulibadilika alipouona ufukara wao. Baada ya swala alihutubia, akaanza na aya ya kwanza ya Suratun-Nisaa, inayowakumbusha watu wote kwamba wametokana na nafsi moja. Kisha akahimiza kila mtu atoe alichonacho, hata nusu ya tende. Watu wa Mudar hawakuwa majirani wa Madina. Kilichowapa haki ni shida yao pamoja na ule ubinadamu wa asili moja.

Lakini fiqhi haisemi kwamba umbali si kitu. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen, alimweleza kwamba zaka inachukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafukara wao. Kutokana na hadithi hii, kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumesomeshwa, inakataza kuhamisha zaka kutoka mji wake maadamu wanaostahiki wapo. Sababu yake ni ya kibinadamu. Fukara wa mtaani anaiona mali ya tajiri kila siku na matumaini yake yako hapo, na tajiri naye anajua nani anahitaji kweli. Wahanafi waliona kuhamisha ni makuruhu, isipokuwa kwa jamaa au kwa wenye shida kubwa zaidi. Ibn Taymiyya aliruhusu pale penye maslaha ya kisharia.

Abu Ubayd katika Kitab al-Amwal amepokea kwamba Muadh alimpelekea Umar theluthi moja ya zaka ya Yemen. Umar akamkatalia, akamwambia hakumtuma kukusanya kodi. Muadh akajibu kwamba asingepeleka kitu kama angempata wa kukipokea. Mwaka uliofuata alipeleka nusu, na mwaka wa tatu akapeleka yote. Kwa hiyo walio karibu wanatangulia, lakini kutangulia kwao hakumfutii haki wa mbali.

Kiasi gani?

Hapa ndipo tunapoachana na Singer. Fiqhi imeweka ngazi.

Ngazi ya kwanza ni zaka. Tumchukue mfanyabiashara wa vitambaa, mfano wa kubuni. Mwaka wa Kiislamu umetimia, ana bidhaa za faranga 17,000,000, fedha taslimu 8,000,000, na anadaiwa 1,000,000. Tukitoa deni, kama wanavyofanya wanazuoni wengi, inabaki 24,000,000. Asilimia 2.5 yake ni 600,000. Hii si hisani. Ni haki ya watu iliyokuwa mikononi mwake.

Ngazi ya pili husahaulika. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja miongoni mwa faradhi za kutoshelezana kuondoa madhara ya Waislamu, kama kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na hazina ya umma hazikutosha. Washereheshaji wamebainisha anayelazimika: ni yule aliyebakiwa na ziada baada ya matumizi ya mwaka mzima, yake na ya wanaomtegemea.

Turudi kwa mfanyabiashara wetu. Akilipa deni na zaka, taslimu inabaki 6,400,000. Nyumba yake inatumia 450,000 kwa mwezi, yaani 5,400,000 kwa mwaka. Bidhaa tusizihesabu, maana ndizo zinazomlisha. Ziada yake ni 1,000,000. Sasa zikitokea familia 20 zilizokosa chakula, kila moja ikihitaji 30,000 mwezi huo, jumla ni 600,000. Wakiwepo watu 10 wenye uwezo kama wake, fungu lake ni 60,000. Kama tisa wamekaa kimya, wajibu haufi. Unamrudia yeye anayejua na anayeweza, lakini hauvuki ile ziada yake.

Ngazi ya tatu ni sadaka ya hiari, na hii nayo ina adabu yake. Abu Bakr alileta mali yake yote na Mtume (s.a.w.) akaipokea. Lakini mtu mwingine alipoleta kipande cha dhahabu mfano wa yai, na hana kingine, alikataliwa, Mtume (s.a.w.) akakemea mtu kutoa vyote kisha akakaa kuomba watu. Saad bin Abi Waqqas, akiwa mgonjwa, alizuiwa kuusia zaidi ya theluthi ili asiwaache warithi wakiomba. Aya ya 29 ya Suratul-Israa inakataza ubahili na pia kujimaliza. Anayetoa chakula cha wanawe ameihamisha njaa tu kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Tahadhari moja

Wakimbizi wengi si Waislamu. Kwa wanazuoni wengi, zaka ya fungu la mafukara hupewa Waislamu. Sadaka haina sharti hilo, kwa dalili ya aya ya 8 ya Suratul-Mumtahana. Na ile faradhi ya kuondoa njaa, washereheshaji wa Minhaj wanamwingiza asiye Mwislamu anayeishi kwa amani. Basi mkusanyapo fedha, wekeni zaka katika daftari lake na sadaka katika lake. Zikichanganywa, ama aliyetoa zaka atabaki na deni, ama mwenye njaa atanyimwa kwa dini yake.

Maswali ya halaqa

1. Mwanafunzi anayeishi kwa buruse hana ziada ya mwaka. Je, hadithi ya nusu ya tende inamdai nini?

2. Ikiwa simu inatuonyesha njaa ya Mahama kila siku, je, ile sababu ya wanazuoni ya kutanguliza mji bado ina nguvu ile ile?

Wallahu aalam.