Vali ya Kupunguza Presha ya Maji Nyumbani

Mjini Mpanda, mkoani Katavi, baadhi ya maji ya bomba hutoka chanzo cha Ikolongo. Kama ilivyo katika miji mingi, maji huhifadhiwa kwenye matangi yaliyo mahali pa juu, kisha hushuka hadi majumbani. Mshuko huo ndio unaozaa presha, yaani nguvu ambayo maji hukandamiza nayo kila sehemu ya ukuta wa bomba. Kila mita 10 za kimo huongeza takriban baa 1.

Tuchukue nyumba iliyo mita 60 chini ya uso wa maji ya tangi. Maji yakiwa yametulia, presha yake hufikia baa 6. Mchana, majirani wakichota, maji hutembea na kusuguana na bomba, na presha inaweza kushuka hadi baa 3 au 4. Usiku hupanda tena. Ndiyo maana mpira wa sinki hupasuka watu wamelala, na boya la tangi la choo, lililofunga vizuri jioni, huanza kuvujisha alfajiri.

Wengi hufunga nusu koki ya mita wakidhani wameimaliza shida. Hiyo hupunguza wingi wa maji yanapotembea tu. Yakisimama, hakuna msuguano, na baa 6 hurudi zote nyuma ya kila bomba la kunawia.

Vali ya kupunguza presha hufanya kazi tofauti. Ndani yake springi husukuma kiwambo cha mpira ili kufungua njia. Maji ya upande wa nyumba hukisukuma kinyume ili kuifunga. Presha ya nyumbani ikifikia kiwango ulichoweka, kiwambo huishinda springi na njia huziba, hata kama hakuna anayechota.

Kwanza pima kwa geji usiku, bomba zote zikiwa zimefungwa. Ukisoma zaidi ya baa 5, vali inafaa. Huwekwa baada ya mita, upande wa mteja, mshale ukielekea nyumbani, ikitanguliwa na koki na chujio. Chujio hilo ni la lazima, hasa penye mgao, kwa sababu maji yanaporudi hubeba mchanga. Kabla ya kuunganisha, acha maji yasafishe bomba. Kisha funga bomba zote na uzungushe skrubu ya springi polepole hadi geji ya upande wa nyumba isome baa 3.

Mwenye simtanki juu ya mnara wa mita 3 hana haja ya vali hii kwenye bomba zinazotoka humo, kwani presha yake ni takriban baa 0.3; boya la simtanki lenyewe ndilo linalopokea presha ya bomba la mtaa.

Soma geji tena asubuhi kabla ya mtu kuchota. Ikiwa imepanda kutoka 3 kuelekea 6, na hakuna hita iliyokuwa ikipasha maji, punje ya mchanga imekaa mahali vali inapozibia: funga koki, safisha chujio, kisha ifungue vali na kuifuta.